Hukumpa Mtu Namba ya Siri. Mbona WhatsApp Yako Inaomba Watu Pesa?

Jumamosi moja alfajiri, mteja wetu mmoja wa Githurai aliamshwa na simu ya dadake. "Ile elfu tano nimekutumia. Umeipata?"

Elfu tano gani? Yeye hakuwa ameomba mtu chochote. Alikuwa amelala.

Kufikia saa mbili asubuhi ukweli ulikuwa umejitokeza. Kuna mtu alikuwa akiwaandikia watu wake kupitia WhatsApp, kwa jina lake, kwa picha yake, na kwa namba yake mwenyewe: "Niokolee kidogo, niko hospitali na laini yangu ya pesa imekwama. Tuma kwa hii namba ya jirani, nitarudisha jioni." Watu wanne walituma. Wawili walituma 5,000 kila mmoja, mwingine 3,000 na wa mwisho 2,500. Jumla ni shilingi 15,500. Watatu kati yao ni wanachama wa chama ambacho yeye ndiye mweka hazina, na ndiyo maana hawakusita. Kama mweka hazina wako anakwambia amekwama, utamuuliza maswali mangapi?

Alipotupigia tulimuuliza yale maswali tunayomuuliza kila mtu. Kuna mtu aliyekuomba zile namba sita za WhatsApp? Hapana. Ulibonyeza linki yoyote? Hapana. Ukifungua "Linked devices", kuna kompyuta usiyoijua? Hamna kitu. Swali la nne ndilo lililoleta jibu: WhatsApp yako uliitoa wapi?

"Mpwa wangu ndiye aliniwekea. Ni ile ya zambarau, ile yenye kuficha tiki za buluu."

Leo tunataka kuzungumza kuhusu hiyo WhatsApp ya zambarau na ndugu zake, kwa sababu wateja wengi wanaamini kwamba akaunti haiwezi kuibwa usipotoa namba za siri mwenyewe. Mara nyingi hiyo ni kweli, lakini ukiwa na apu iliyochezewa si kweli tena.

Hizi apu ni nini hasa?

Umezisikia majina: GBWhatsApp, FMWhatsApp, YoWhatsApp, WhatsApp Plus. Hakuna hata moja iliyotengenezwa na kampuni ya WhatsApp. Kuna mtu aliichukua apu halisi, akaifungua, akaongeza vitu vyake ndani, akaifunga tena na kuiweka kwenye mtandao kama faili ya APK.

Vitu anavyoongeza vinavutia, hatukatai. Unaweza kuona meseji iliyofutwa na mwenyewe. Unaweza kuangalia stetasi ya mtu bila yeye kujua, na kuipakua pia. Unaweza kuonekana hauko onlaini kumbe uko. Na kwa sababu inafanya kazi kama kawaida, na watu wako wote wapo, unasahau kabisa kwamba si ile ya mwanzo.

Huwezi kuipata kwenye Play Store kwa njia ya kawaida, kwa hivyo huja kupitia njia za kando: tovuti, chaneli ya Telegram, au rafiki anakutumia faili moja kwa moja. Simu ikikuonya kwamba faili hii imetoka mahali pasipojulikana, unaambiwa, "Achana na hiyo, bonyeza tu kubali."

Mwizi anaingiaje bila namba sita?

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo siri ilipo.

Unapofungua WhatsApp mara ya kwanza, unatumiwa namba sita kwa SMS. Ukishaziweka, huulizwi tena kila siku. Kwa nini? Kwa sababu apu imejitengenezea funguo zake za siri na kuzihifadhi ndani ya simu yako. Kila inapoingia kwenye mtandao wa WhatsApp inaonyesha funguo hizo, na WhatsApp inajua ni wewe. Ni kama nyumba. Siku ya kuhamia, mwenye nyumba anataka kitambulisho, lakini baada ya hapo unaingia na kutoka kwa ufunguo tu. Hakuna anayekuuliza jina tena.

Kwa apu halisi funguo hizo hukaa mahali ambapo apu nyingine haziwezi kufika. Lakini apu iliyochezewa haihitaji kuvunja mlango wowote. Funguo ziko mikononi mwake tayari, kwa sababu yenyewe ndiyo WhatsApp yako. Aliyeichezea akiongeza mistari michache ya kuzituma funguo nje, zitatumwa, na wewe hutaona dalili yoyote kwenye kioo.

Hili si jambo la kudhania. Oktoba 2022, watafiti wa kampuni ya usalama ya Kaspersky walichambua toleo 2.22.11.75 la YoWhatsApp wakakuta linafanya hivyo hasa: linachukua funguo za akaunti na kuzipeleka kwenye kompyuta ya watu wengine. Anayezipokea anaweza kuitumia akaunti bila hata kuwa na simu ya mwenyewe. Na watu waliipataje? Wengi waliona tangazo lake ndani ya apu maarufu ya kupakua video, wakaamini kwamba kitu kilichotangazwa wazi hivyo lazima ni salama.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Agosti 2021, watafiti haohao walikuta kirusi kiitwacho Triada ndani ya FMWhatsApp toleo 16.80.0. Kiliingia pamoja na kipande cha programu cha kuonyesha matangazo. Kwa hivyo hata aliyekutengenezea apu huenda mwenyewe hajui amebeba nini. Triada inaweza kukuunganisha na huduma za kulipia bila wewe kujua. Na kwa kuwa watumiaji wa FMWhatsApp huipa ruhusa ya kusoma SMS, kirusi kikiwa ndani kinaweza kusoma hata ile SMS ya kuthibitisha huduma hiyo. Wewe unaona tu kredo inapungua, unalaumu mtandao.

Hatusemi kwamba kila toleo la apu hizi huiba. Tatizo ni kwamba ukiwa na la wizi na lisilo la wizi mkononi, huwezi kuyatofautisha kwa kuyatumia, kwa sababu yote mawili yatakuonyesha tiki na stetasi vilevile.

Na pesa zangu kwenye simu?

Swali zuri, na tulijibu kwa ukweli. PIN yako ya pesa haimo ndani ya WhatsApp. Mwizi akipata funguo za WhatsApp hapati salio lako moja kwa moja.

Anachopata ni watu wako. Anaweza kuandika kama wewe kwa mama yako, kwa wateja wako, kwa kikundi cha chama. Na kama apu ina ruhusa ya kusoma SMS, anaweza kuona jumbe za pesa zilizoingia na kutoka: nani hukutumia, kiasi gani, siku gani. Mtu aliyeona hayo anajua amwombe nani, na aombe ngapi ili isitiliwe shaka. Pia SMS za namba za kuthibitisha kutoka benki au apu za mikopo hupita hapohapo.

Mteja wetu alitwambia kitu kingine. Siku mbili kabla ya ile Jumamosi, WhatsApp yake ilikuwa inakatika na kurudi, inakatika na kurudi. Alidhani ni bando. Na zile meseji za kuomba pesa hazikuonekana kwenye simu yake hata moja. Kilichofika kwake ni jibu moja tu kutoka kwa mwanachama: "Sawa mama, nimetuma." Alikuwa bado amelala lilipoingia.

Jipime sasa hivi

Chukua simu yako. Hii ni kwa wenye Android, kwa sababu apu hizi hulenga Android hasa.

Kipimo cha kwanza ni kitufe cha Play Store. Fungua Play Store, tafuta WhatsApp Messenger, ingia kwenye ukurasa wake. Kama WhatsApp unayotumia kila siku ni halisi, kitufe kitasema "Open" au "Update". Kama kinasema "Install", kuna shida. Simu inakwambia apu hii haipo hapa. Basi hiyo unayochati nayo ni nini?

Kuna matoleo machache ya ujanja zaidi yanayotumia jina la ndani lilelile la apu halisi, com.whatsapp, na hayo yanaweza kukipita kipimo hiki. Kwa hayo kuna kipimo cha pili.

Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya apu, uchague WhatsApp, kisha ushuke hadi chini kabisa mahali palipoandikwa "App details". Simu nyingi huonyesha hapo apu ilikotoka. Unataka kuona maneno "App installed from Google Play Store". Kama inataja kivinjari, mafaili, au apu ya kutumiana mafaili, hiyo haikupitia mlango wa mbele. Ni kweli kwamba WhatsApp halisi inaweza kuwa imeletwa kwa njia hizo pia, kwa mfano ulihamishiwa kutoka simu ya zamani. Lakini huna sababu ya kukaa ukibahatisha. Ihifadhi nakala, iondoe, uichukue upya kutoka Play Store.

Kipimo cha tatu ni kumbukumbu yako. Siku ulipowekewa, uliambiwa kwanza ufute WhatsApp uliyokuwa nayo? Kuna sababu. Kila apu ya Android hubeba sahihi ya aliyeitengeneza, na simu haikubali toleo jipya liketi juu ya la zamani kama sahihi hazifanani. Aliyeichezea hana sahihi ya kampuni ya WhatsApp, kwa hivyo ya kwake haiwezi kuingia kama sasisho la kawaida. Ama akufanye ufute ya kwanza, ama aiweke kando kwa jina jingine. Ukisikia mtu anasema "futa kwanza ile, halafu uweke hii mpya", simama hapo.

Dalili nyingine haihitaji kutafutwa. WhatsApp yenyewe ikigundua unatumia apu isiyo yao, inaweza kukufungia kwa muda na kukuonyesha saa inayohesabu kurudi nyuma. Wengi wakiona hivyo hukimbilia toleo jipya "lisilofungiwa". Ni afadhali uchukulie kwamba umepewa onyo bure.

Je, nikiwa Play Store niko salama?

Uko salama zaidi, lakini fungua macho. Novemba 2017 kulikuwa na apu ya uongo ndani ya Play Store kwenyewe, iitwayo "Update WhatsApp Messenger". Jina la mtengenezaji lilisomeka kama la WhatsApp, ila matapeli walikuwa wameongeza nafasi isiyoonekana kwa macho mwishoni mwa jina. Ilipakuliwa zaidi ya mara milioni moja kabla ya kuondolewa.

Kwa hivyo usisome jina na picha tu. Kuna kitu ambacho apu mbili haziwezi kushiriki ndani ya Play Store, nacho ni jina la ndani. Ukifungua anwani hii utafika kwa ile halisi:

```
https://play.google.com/store/apps/details?id=com.whatsapp
```

Kama unafanya biashara na unatumia WhatsApp Business, mwisho wa anwani ni com.whatsapp.w4b. Mtengenezaji wa zote mbili anaandikwa WhatsApp LLC, na idadi ya waliopakua ni mabilioni. Ukiona apu inayojiita WhatsApp na imepakuliwa mara laki moja, ondoka.

Ukigundua yako si halisi

Usiifute kwa hasira bado. Kwanza hamisha picha, risiti na faili unazohitaji. Kisha ndani ya apu hiyo, nenda mahali pa chati na utengeneze nakala. Tuseme wazi mapema: nakala ya apu iliyochezewa haina hakika ya kufunguka kwenye WhatsApp halisi, na huenda ukapoteza chati za zamani. Inauma. Lakini fikiria mtu mwingine akiwa na uwezo wa kuziendeleza chati hizo kwa jina lako.

Halafu iondoe, chukua WhatsApp kutoka Play Store, na uweke namba yako upya. Utatumiwa namba sita. Hatua hii ndiyo dawa yenyewe, na watu wengi hawaijui. Unapojisajili upya, apu mpya inatengeneza funguo mpya na zile za zamani zinakufa. Mwizi aliyekuwa nazo anabaki na ufunguo wa kufuli lililobadilishwa. Kubadilisha jina, picha au hata simu hakutoshi kama bado utarudisha apu ileile.

Ukishaingia, fungua "Linked devices" uondoe kifaa chochote usichokijua. Kisha washa "Two-step verification" na uchague PIN ya WhatsApp, ambayo isiwe sawa na PIN yako ya pesa. PIN hii humzuia anayejaribu kusajili namba yako kwenye simu yake. Haimzuii aliyeibiwa funguo kutoka ndani ya apu, kwa sababu huyo hasajili upya. Anaendelea tu pale wewe ulipofikia. Ndiyo maana tunasema toa apu mbaya kwanza, PIN ifuate.

Mwisho, chunguza kredo yako. Kama imekuwa ikipungua bila sababu, uliza mtandao wako wakuondoe kwenye huduma zote za kulipia ulizosajiliwa.

Ukiombwa pesa na mtu unayemjua

Upande huu ndio tunaouona sisi kila wiki. Meseji imetoka kwa namba halisi ya mtu wako, kwa hivyo kuangalia namba hakusaidii. Angalia pesa inakwenda wapi. Kabla ya kukamilisha kutuma, jina la anayepokea hutokea kwenye simu. Kama dada yako anaomba na jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa, usibonyeze. Mpigie kwa laini ya kawaida, si kwa WhatsApp, usikie sauti yake. Akikwambia kwa meseji kwamba hawezi kuongea, hiyo ni sababu ya kusubiri.

Na kama umeshatuma, piga huduma kwa wateja dakika hiyohiyo, ukiwa na ujumbe wa muamala. Pesa inaweza kuzuiwa ikiwa bado iko kwenye akaunti iliyopokea. Ikishatolewa kwa wakala, kilichobaki ni kupiga ripoti polisi, kupata namba ya OB na kufuatilia.

Kwa mteja wetu wa Githurai, dakika ndizo zilizoamua. Dadake alipiga simu mara tu jibu lilipochelewa, na 5,000 yake ilizuiwa, ikarudi. Wale watatu wa chama waligundua baada ya saa nzima, na 10,500 ilikuwa imeshatolewa. Mweka hazina ameamua kuwarudishia mwenyewe, 1,000 kila mwezi kutoka kwa biashara yake ya mitumba. Tulimwambia kisheria si yeye aliyechukua. Akasema anajua, lakini meseji ilikuwa na jina lake.

Mpwa wake naye alikuwa na nia njema tu ya kumwekea shangazi kitu kizuri. Basi kama wewe ndiye kijana wa nyumbani unayewekea watu apu, anza na simu ya mama leo jioni. Fungua Play Store, tafuta WhatsApp Messenger, usome kile kitufe.